Nilivyoharibu kikao cha nyumba ya marehemu baba kwa meseji moja ya saa nne

Naandika hii kwa ajili ya yule ambaye kesho au keshokutwa ana kikao cha watu walioko sehemu tofauti, wengine wanakuja kwa miguu wengine wanaingia kwa simu, na anajiambia moyoni "nilishawaambia wiki iliyopita, watu wazima hao". Na mimi nilijiambia hivyohivyo.

Baba yetu alifariki akatuachia nyumba Dar, mahakama ikaniteua mimi kuwa msimamizi wa mirathi. Warithi tuko watatu, mimi Dar, dada yangu mkubwa yuko Muscat miaka mingi na kazi yake na familia yake huko, na mdogo wangu wa kiume yuko Birmingham, analea wazee kwa shifti. Nyumbani kwenyewe anaishi shangazi yetu, na yeye ndo mtunza karatasi zote tangu baba yuko hai. Tukapata mteja, mzee mmoja mstaarabu sana wa Dodoma, akasema yuko tayari ila anataka kuonana na familia yote mbele ya wakili aone hati kwa macho yake na asikie kila mrithi anakubali bei. Ombi la haki kabisa, mimi mwenyewe ningenunua nyumba ya mirathi ningetaka hivyo.

Jumatano tarehe 23 Oktoba 2024 nikaandika kwenye grupu la familia, na nikamfowadia na yule mzee. Meseji yenyewe ninayo mpaka leo, sijaifuta, naiweka kama ilivyo:

"Wapendwa kikao cha nyumba ni Jumatatu saa 4 pale kwa wakili Posta. Walio mbali mtatumiwa linki. Kila mtu aje na karatasi zake. Ahsanteni."

Dada akajibu "Inshallah". Mdogo wangu akaweka dole gumba. Shangazi hakujibu ila tiki zikawa bluu. Mzee akasema "Tuko pamoja". Mimi nikalala usingizi mzuri nikijua kikao kimeshakaa. Jumapili nikafikiria kidogo niwakumbushe, alaf nikaona aibu, maana kwetu kumkumbusha mtu mkubwa kitu alichokwishasema sawa ni kama unamwambia hana akili. Nikaacha.

Sasa isome ile meseji tena uone ina mashimo mangapi. Mimi nimeyaona yote matano Jumatatu, moja baada ya jingine, nikiwa nimesimama nje ya ofisi ya wakili na jasho linanitoka.

La kwanza lilikuwa Posta. Mtu wa Dar anajua Posta ziko mbili, kuna Posta Mpya na kuna Posta ya Zamani, na ukisema "Posta" tu kila mtu anachukua ile iliyo kichwani kwake. Wakili wetu zamani alikuwa na ofisi upande wa Posta ya Zamani, akahamia Posta Mpya, na yule mzee aliwahi kufika ile ya zamani kwa shughuli zake nyingine. Kwahiyo saa nne kasoro dakika tano ananipigia, "kijana niko hapa getini", namwambia "mzee na mimi niko hapahapa getini sikuoni", ananiambia "nimevaa koti la kaki", nageuka kushoto nageuka kulia hakuna koti la kaki. Tumebishana hivyo dakika nzima kila mtu yuko getini, mpaka mlinzi wa kule akamnyang'anya simu kwa upole akaniambia "bosi, hawa walihama". Mzee amekuja kwa treni ya SGR kutoka Dodoma siku iliyotangulia, kalala gesti, leo namtembeza juani.

La pili ni saa 4. Sisi huku saa nne asubuhi ni saa nne asubuhi, haina mjadala. Lakini dada kule anamwachia mwanae mambo ya simu na linki, na huyo mpwa wangu kazaliwa Muscat, Kiswahili anasikia lakini saa anahesabu kama dunia nyingine yote, kwake "4" ni saa kumi ya jioni yetu. Kaona Jumatatu saa 4, kamwambia mama yake kikao ni jioni baada ya kazi. Nilipompigia saa nne na robo dada yuko kazini kwake anashangaa, "si jioni?" Nikahisi miguu inaniisha nguvu. Na sikuandika asubuhi! Neno moja tu. Hata ningeandika asubuhi bado isingetosha, maana saa nne yetu kwao inasoma 11:00, wako mbele yetu kwa saa moja.

La tatu, linki. Niliahidi "mtatumiwa" nikatuma dakika kumi kabla ya kikao, asubuhi hiyohiyo, na juu yake kwenye grupu kulikuwa na linki nyingine ya Zoom ya kikao chetu cha zamani cha kupanga arobaini ya baba. Dada kwa haraka akabonyeza ya zamani. Zoom haikumwambia kwamba hiyo imekufa, ilimwambia tu asubiri mwenyeji aanzishe kikao, naye kwa adabu zake akasubiri, robo saa nzima, mwenyeji niko chumba kingine namsubiri yeye. Hili ndo baya la linki mbovu, haikufukuzi, inakukalisha unadhani wenzako ndo wamechelewa.

La nne lilinipata kwa mdogo wangu, na hili hata mtu makini linaweza kumpata. Yeye anajua miaka yote kwamba Uingereza iko masaa mawili nyuma yetu, kwahiyo saa nne yetu kwake ni 8:00 asubuhi, kaweka alamu 7:45. Hesabu sahihi kabisa siku ile ya Jumatano niliyotuma meseji. Lakini wenzetu wa Ulaya wanarudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na mwaka huo ilikuwa tarehe 27, yani jana yake. Jumatatu asubuhi tofauti ikawa masaa matatu, saa nne yetu kwake ilikuwa 7:00. Simu yake ilijibadilisha yenyewe usiku, kichwa chake hakikujibadilisha. Akaingia saa tano ya huku, ametulia na kikombe cha chai, "nimewahi eeh?"

Na Zoom tunayotumia ni ya bure, inakata kikao kikifika dakika 40. Dakika zilianza kuhesabiwa pale dada alipofanikiwa kuingia saa nne na nusu, kwahiyo mdogo wangu kaingia tano kamili, kasalimia, kampa pole mzee, wakili kaanza kueleza bei na awamu za malipo, tano na dakika kumi skrini ikatutupa nje wote. Tukahangaika kurudi, mmoja ndani mmoja nje, na wakili alikuwa na mteja mwingine tano na nusu.

La tano nililiacha mwisho kwa sababu ndo lililoua kikao, hayo mengine yangevumilika. "Kila mtu aje na karatasi zake." Shangazi alikuja mapema kuliko wote, katoka Gongo la Mboto na daladala ya alfajiri, kakaa kwenye benchi na mfuko wa rambo mapajani, ile mifuko iliyopigwa marufuku 2019 yeye anao bado kwa kazi maalum. Wakili akasema "mama naomba hati". Shangazi akafungua fundo taratibu akaanza kutoa, risiti za pango la ardhi zimefungwa raba bendi, risiti za kodi ya jengo, karatasi ndefu za luku zimeshafutika maandishi, mkataba wa mauziano ambao baba alinunulia kiwanja, cheti cha kifo, hata kadi ya kliniki ya mdogo wangu ilikuwemo. Hati hakuna. Akaniangalia, "si ulisema kila mtu aje na karatasi zake?" Na kweli nilisema hivyo. Zote zile ni karatasi za nyumba.

Mzee naye alikuwa na kopi ya kitambulisho cha NIDA, orijino kaacha Dodoma, na picha za pasipoti hana. Wakili akafunga faili akasema bila hati orijino siwezi kusema chochote mbele ya mnunuzi.

Nilimlipa wakili laki moja ya muda wake. Mzee nikampa elfu themanini ya gesti na nauli, alikataa mara mbili akapokea ya tatu, na wakati anaondoka akasema kwa sauti ya chini, siyo kwa hasira, "sasa kama kikao tu kinatushinda, hiyo hati ipo kweli?" Hiyo iliniuma kuliko pesa. Mtu anayenunua nyumba ya mirathi tayari ana wasiwasi, kila anayechelewa na kila karatasi inayokosekana anaisoma kama dalili ya utapeli. Shangazi hakuongea na mimi kwenye daladala njia nzima.

Nikamwomba mzee nafasi nyingine, akakubali baada ya siku nne, tukaweka Jumatatu tarehe 11 Novemba. Safari hii nikakaa chini na karatasi.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba "kumbusha siku moja kabla" kwa kikao cha Jumatatu ina mtego, kwasababu siku moja kabla ni Jumapili. Jumapili utamwambia mtu alete picha za pasipoti apige wapi? Steshenari imefungwa, studio nyingi zimefungwa, kitu kikiwa benki ndo kabisa. Kwahiyo nikagawa mara mbili, mambo ya kuleta nikayashughulikia Ijumaa, muda na mahali na linki nikathibitisha Jumapili. Kama kikao chako ni Jumatano haina haja, siku moja kabla inatosha yote. Ila angalia na watu wako wanafuata wikendi gani, dada kule wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili yuko kazini, nikimpigia asubuhi hapokei.

Ijumaa nikampigia shangazi. Sikumwandikia. Mtu wa umri wake meseji anaifungua anaona ndefu anaifunga, tiki bluu inakudanganya. Nikamwambia "shikamoo shangazi, nakuomba chukua hati ya baba ishike mkononi, nisomee pale juu kabisa pameandikwaje". Kimya, nasikia sanduku linafunguliwa, karatasi zinapekuliwa. Akarudi, akasoma pole pole kwa sauti ya darasani, "Mka-ta-ba wa mau-zi-a-no." Nikafumba macho. Nikamwambia hapana shangazi, ile nyingine, imeandikwa hati ya kumiliki ardhi, ina muhuri. Akafikiri, akasema "aaa, ile? Ile baba yako alimpa Mustafa amtunzie ule mwaka wa mafuriko". Mustafa ni binamu yetu, anakaa Tandika, hati yetu imelala kwake miaka na hakuna mtu anakumbuka. Jumamosi asubuhi nikaifuata. Ningemuuliza tu "shangazi hati unayo?" angesema ninayo, kwa moyo safi, na tungekutana tena kwa wakili na ule mfuko.

Toka hapo siulizi swali ambalo linajibika kwa sawa. Sawa, inshallah, tuko pamoja, dole gumba, yote hayo maana yake ni kwamba nimeiona meseji yako na nakutakia mema. Siyo kwamba nimeelewa. Nauliza kitu ambacho lazima afanye ndo ajibu, kwako itakuwa saa ngapi, utapanda gari gani, nitumie picha ya kitambulisho ulichokiweka kwenye begi. Mzee wa Dodoma nilimwomba apige picha ya NIDA orijino na zile pasipoti saizi mbili, akatuma zimelazwa juu ya kitambaa cha meza, nikajua zipo. Heshima inalindwa na namna ya kusema tu, nilimwambia "mzee safari ile nilikuchosha kwa uzembe wangu, naomba niwe na uhakika nisikusumbue tena", nikajibebesha kosa mimi, hakuna aliyejisikia kusimamiwa kama mtoto.

Muda nao tukaubadilisha. Saa nne yetu ilikuwa inamwamsha mdogo wangu ametoka shifti ya usiku, nikajaribu saa tano, dada akasema hiyo kwake ni saa sita, kwa Novemba adhuhuri Muscat inaadhiniwa hapohapo. Tukaangukia saa saba mchana ya Dar, kwa dada saa nane, kwa mdogo wangu 10:00. Hesabu hiyo niliifanya kwa tarehe ya kikao chenyewe, siyo kwa saa ya leo, nikaiweka kwenye kalenda ya simu nikawaalika wote, maana kalenda inamwonyesha kila mtu saa ya kwake yenyewe. Huku kwetu saa hazibadiliki mwaka mzima ndo maana tunasahau, ila Uingereza wanabadilisha tena Jumapili ya mwisho ya Machi.

Jumapili saa tisa alasiri nikatuma hii. Saa tisa nilichagua makusudi, mtu akigundua tatizo bado ana mchana wa kulitatua, ukituma saa nne usiku unampa mtu habari ambayo hawezi kuifanyia kitu, na wengine bando limeisha ataiona asubuhi yuko njiani.

"Assalam alaykum. Kikao cha nyumba ni KESHO Jumatatu 11 Novemba.
Dar saa saba mchana (13:00). Muscat saa nane mchana (14:00). Birmingham saa nne asubuhi (10:00).
Mahali: ofisi ya wakili Posta MPYA, siyo ile ya zamani. Ghorofa ya tatu, mlango wa kahawia wenye kibao cheupe. Nimeweka picha ya mlango na lokesheni hapo chini.
Linki ya walio mbali ni hii moja tu, za zamani msizibonyeze. Nitaifungua robo saa kabla. Ikikata dakika 40 bonyeza hiihii tena.
Shangazi: hati iko kwangu, wewe njoo na kitambulisho tu. Mzee: NIDA orijino na picha 2. Dada na mdogo wangu: kitambulisho kiwe mkononi wakili ataomba mkionyeshe kwenye kamera.
Tutamaliza saa nane na nusu. Naomba kila mmoja aniandikie kwake ni saa ngapi. Ukikwama nipigie mimi, usiandike kwenye grupu."

Hiyo ya mwisho imenisaidia sana, siku ya kikao mwenyeji haangalii grupu, anaangalia mlango. Linki za zamani nilipanda juu kwenye grupu nizifute, zilikuwa zimeshapita muda wa kufutika, nikaipini hii mpya juu.

Majibu yakaja. Mdogo wangu: "10:00 asubuhi, nimeangalia kwenye kalenda". Mzee: "Saa saba mchana, nimeshafika Dar". Mpwa wangu akajibu kwa niaba ya mama yake, "Mjomba, saa 7". Unaona? Na hapo nimeandika mpaka namba. Alikuwa amesoma ule mstari wa Dar. Nikampigia palepale, nikamwambia mstari wako ni wa pili, akacheka akaandika upya 14:00. Bila lile swali dada angeingia 7 ya jioni kwa hesabu ya kwao, nyumba imeshaongelewa na kufungwa.

Isingewezekana ikawa safi yote. Jumatatu umeme ulikatika pale ofisini dakika ya ishirini, tukahamia kwenye simu yangu na bando langu, dada akawa anaganda ganda. Lakini kila mtu alikuwepo, hati ilikuwa mezani, mzee akaishika kwa mikono miwili akaigeuza nyuma akasoma kila muhuri, akamwangalia wakili akaitikia kwa kichwa. Vitambulisho vikaonyeshwa kwenye kamera, bei ikakubaliwa, wakili akawaelekeza walio mbali jinsi ya kuandaa hati ya uwakilishi ili niweze kusaini kwa niaba yao, hiyo ikachukua wiki kadhaa nyingine na ni habari yake peke yake.

Mzee alifika saa saba kasoro dakika ishirini. Najua kwasababu alinitumia picha ya mlango wa kahawia, na chini yake kaandika "ni huu?"

Shangazi ndo amebadilika kabisa. Juzi tuna kikao cha harusi ya binti wa Mustafa, nimemwandikia ni Jumamosi saa mbili. Baada ya dakika mbili simu inaita, "ya asubuhi au ya usiku, na nije na nini, nisomee."